Zanzibar Kwenye Karatasi ya Mtihani

Katika majaribio ya somo la siasa kwa wanaoanza, liko swali moja ambalo halikosi kuzua ubishi pindi karatasi zinaporudishwa. Huandikwa hivi, au kwa namna inayokaribiana na hii: "Kati ya hizi, ipi si dola? (a) Uswisi (b) Vatikani (c) Zanzibar (d) Botswana."

Wengi huikimbilia Vatikani. Eneo lake ni hekta 44 tu, limezungukwa kila upande na jiji la Roma, na mtu mzima anaweza kulivuka kwa miguu bila kutokwa jasho. Anayesita huitazama Zanzibar, akakumbuka bendera yake, wimbo wake, rais wake, Baraza lake la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake, kisha akaipita bila wasiwasi. Nchi yenye rais itakosaje kuwa dola?

Jibu linalotakiwa ni Zanzibar. Kwa Mzanzibari aliyeketi katika chumba hicho cha mtihani, jibu hilo linaweza kuuma, na uchungu huo una historia yake. Ndiyo maana mwalimu anayeweka alama ya vema au ya kosa bila maelezo anamdhulumu mwanafunzi. Swali lenyewe ni zuri. Ukilipekua vizuri linatenganisha mambo manne ambayo katika mazungumzo ya kila siku tunayachanganya bila madhara makubwa, lakini katika mtihani, mahakamani na kwenye katiba hayachanganyiki: taifa, dola, serikali na mamlaka kuu.

Tuanze na maana zinazotumika darasani. Taifa ni watu: jamii inayojiona kuwa moja kwa sababu ya historia, lugha, utamaduni au nia ya kuishi pamoja. Dola ni chombo cha kisiasa kinachomiliki eneo na kuwatawala waliomo humo kwa sheria. Serikali ni watu na ofisi zinazoendesha chombo hicho kwa wakati fulani. Mamlaka kuu ni hadhi ya kuwa na neno la mwisho: ndani ya mipaka hakuna aliye juu yako, na nje ya mipaka huhitaji ruhusa ya mwingine kuweka mkataba, kutangaza vita au kumpa mtu uraia.

Mwaka 1933 nchi za Amerika zilikutana Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, zikatia saini mkataba ambao hadi leo ndio unaotajwa kwanza mtu akiuliza dola hutambulikaje. Masharti yake ni manne: watu wanaoishi mahali kwa kudumu, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuingia katika uhusiano na dola nyingine. Bendera haimo. Wimbo haumo. Ukubwa wa eneo haumo, na hapo ndipo waliochagua Vatikani wanapoangukia. Kwa mikataba ya Lateran ya mwaka 1929 Italia iliitambua Vatikani kuwa dola inayojitegemea chini ya Papa, na hekta hizo 44 zimekuwa hivyo tangu wakati huo.

Kigezo kingine wanachojibunia wanafunzi ni uanachama wa Umoja wa Mataifa. Vatikani si mwanachama, basi wanaiondoa. Uswisi iliwekwa kwenye orodha kwa ajili ya mtego huo huo. Iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 2002, ilhali ilikuwa dola inayoheshimika karne nyingi kabla ya hapo, na wananchi wake walilikataa suala la kujiunga kwa kura ya maoni mwaka 1986. Uanachama ni ushahidi mzuri wa kuwa dola. Kuukosa hakuthibitishi kinyume chake.

Sasa Zanzibar yenyewe. Historia yake inaeleza tofauti ya serikali na dola kuliko kitabu chochote cha kiada, na sehemu yenye faida zaidi ni kipindi cha miezi minne na nusu tu, kuanzia Desemba 10, 1963 hadi Aprili 26, 1964.

Desemba 10, 1963 himaya ya Uingereza iliyoanza mwaka 1890 ilikoma. Zanzibar ikawa huru chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, waziri mkuu akiwa Mohammed Shamte. Siku sita baadaye, Desemba 16, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipokea kuwa mwanachama, siku ile ile ilipopokewa Kenya. Hapo masharti yote manne ya Montevideo yalitimia pasi na ubishi. Zanzibar ilikuwa dola, na ilikuwa na mamlaka kuu.

Januari 12, 1964 yakatokea Mapinduzi. Sultani akaondoka kwa meli, Bunge likavunjika, Baraza la Mapinduzi chini ya Abeid Amani Karume likashika hatamu. Usultani ukafutwa na jamhuri ikatangazwa. Mtahini anapouliza, "Je, Mapinduzi ya 1964 yaliiondoa dola ya Zanzibar?", wanafunzi wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa kila kitu kinachoonekana kilibadilika: mkuu wa nchi, bendera, katiba, watu waliokuwa maofisini. Lakini kiti cha Zanzibar katika Umoja wa Mataifa hakikuguswa. Hakuna aliyeomba uanachama upya. Uingereza na Marekani zilichelewa hadi Februari kuwatambua watawala wapya, na hata katika ucheleweshaji huo kilichokuwa kikisubiri kutambuliwa kilikuwa serikali. Hakuna aliyesema kwamba Zanzibar kama dola imetoweka.

Aprili ikaleta kinyume chake. Tarehe 22 Karume na Julius Nyerere walitia saini Hati ya Makubaliano ya Muungano, na tarehe 26 Tanganyika na Zanzibar zikawa jamhuri moja. Safari hii Karume hakuondoka. Baraza la Mapinduzi lilibaki, Serikali ya Mapinduzi ilibaki, na hadi leo ipo kwa jina hilo hilo. Kilichoondoka ni nafasi ya Zanzibar miongoni mwa madola. Viti viwili katika Umoja wa Mataifa, kimoja cha Tanganyika tangu Desemba 1961 na kimoja cha Zanzibar, vikawa kiti kimoja. Baadaye mwaka huo jamhuri mpya ikapewa jina la Tanzania.

Mwanafunzi anayeyaweka matukio hayo mawili sambamba amekwisha kuelewa sehemu ngumu ya somo. Januari serikali ilianguka na dola ikabaki. Aprili dola iliungana na nyingine, serikali ikabaki. Kama dola na serikali vingekuwa kitu kimoja, hakuna hata moja kati ya hayo lingewezekana.

Somalia ni mfano mwingine unaopaswa kukaa karibu na huo. Serikali ya Siad Barre iliangushwa Januari 1991, na kwa miaka mingi iliyofuata hapakuwa na serikali kuu iliyoweza kutawala hata mji mkuu. Dunia haikuifuta Somalia kwenye orodha ya madola kwa sababu hiyo. Wakati huo huo, upande wa kaskazini, Somaliland ilijitangazia uhuru Mei 1991, ikapata sarafu yake, polisi wake na chaguzi zilizobadilisha marais, lakini ikakaa zaidi ya miongo mitatu bila kutambuliwa na nchi yoyote mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Kulikuwa na dola isiyo na serikali ya kueleweka, na serikali ya kueleweka isiyotambuliwa kuwa dola, pua kwa pua.

Mwenye kutilia shaka kwamba tofauti hizi zina uzito nje ya darasa aitazame kesi iliyofika Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 2000.

Watu 18, wafuasi wa chama cha CUF, walishtakiwa Zanzibar kwa uhaini. Walidaiwa kula njama ya kuipindua Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Wa kwanza wao walikamatwa mwishoni mwa mwaka 1997, na kwa kuwa uhaini hauna dhamana, walikaa rumande kwa takriban miaka mitatu. Adhabu iliyokuwa ikiwasubiri ni kifo.

Swali lililofika mbele ya majaji halikuhusu kama njama hiyo ilikuwapo. Lilihusu kitu cha awali zaidi: je, mtu anaweza kabisa kufanya uhaini dhidi ya Serikali ya Zanzibar? Uhaini ni kosa dhidi ya mwenye mamlaka kuu. Ni kuvunja utii ambao mtu anaiwia dola yake. Basi ili shitaka lisimame, Zanzibar peke yake ingepaswa kuwa na mamlaka hayo.

Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ilijibu kwamba hapana. Mamlaka kuu ni ya Jamhuri ya Muungano, ni moja na haigawanyiki. Serikali ya Zanzibar, pamoja na madaraka yote iliyo nayo kikatiba, si dola yenye mamlaka kamili, kwa hiyo uhaini dhidi yake peke yake hauwezekani kisheria.

Jambo hili lina ladha ya pekee kwa anayefuatilia siasa za Visiwani. Waliokuwa wakisisitiza kwamba Zanzibar ina mamlaka kamili, kwa muda wa kesi hiyo, walikuwa waendesha mashtaka wa serikali. Waliookolewa na hoja kwamba haina ni wafuasi wa chama ambacho kilikuwa kikidai Zanzibar ipewe mamlaka zaidi ndani ya Muungano. Sheria haikuangalia nani anaipenda Zanzibar zaidi. Iliangalia neno la mwisho liko wapi.

Kosa ambalo wanafunzi hufanya baada ya kuisoma kesi hii ni kuruka hadi upande wa pili na kuandika kwamba Serikali ya Zanzibar "haina madaraka". Hilo nalo linakosesha alama. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina orodha ya mambo ya Muungano, ambayo yalikuwa 11 mwaka 1964 na sasa ni 22. Humo mna mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji na sarafu. Lisilokuwa kwenye orodha hiyo, kwa Zanzibar, ni la Zanzibar: afya, kilimo, ardhi, utalii, shule za msingi na sekondari. Katika hayo Baraza la Wawakilishi linatunga sheria na Rais wa Zanzibar anaamua bila kuomba ruhusa Dodoma. Hayo ni madaraka ya ndani, tena mapana. Mamlaka kuu ni kitu kingine, na njia rahisi ya kukiona ni kuuliza nani anatoa pasipoti. Mtoto aliyezaliwa Chake Chake na mtoto aliyezaliwa Songea wote husafiri na pasi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Zanzibar imewahi kujaribu kuvuka mpaka huo. Desemba 1992 ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, na Agosti 1993 ikajitoa baada ya mzozo mkali, kwa kuwa kujiunga na jumuiya ya kimataifa ni suala la mambo ya nje, na mambo ya nje ni ya Muungano.

Kwa vijana, hata hivyo, mfano unaoingia haraka zaidi ni wa mpira. Machi 2017, katika mkutano wa Addis Ababa, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipa Zanzibar uanachama kamili, ikawa ya 55. Visiwani watu walishangilia. Julai mwaka huo huo uanachama ukafutwa. Rais wa CAF wakati huo, Ahmad Ahmad, alieleza kwamba Zanzibar haikupaswa kupokewa tangu mwanzo, kwa kuwa shirikisho haliwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja.

Swali linalofuata huja lenyewe, na mwanafunzi makini atalirusha kabla mwalimu hajamaliza: mbona Uskoti, Wales, Uingereza na Ayalandi ya Kaskazini kila moja ina timu yake FIFA, na zote ni za dola moja? Ni kweli. Zilikuwa na vyama vyao vya soka tangu karne ya 19, kabla FIFA haijaanzishwa mwaka 1904, na zikabaki na nafasi hiyo. Kwenye Umoja wa Mataifa zina kiti kimoja. Uanachama wa FIFA hufuata kanuni za FIFA. Mtahini akiuliza, "Uskoti ni dola, thibitisha kwa kutaja timu yake ya taifa", anatega. Uskoti ni taifa lililo ndani ya dola, na lenyewe linajua hivyo, ndiyo maana Septemba 2014 liliulizwa kwa kura ya maoni kama linataka kuwa dola huru. Asilimia 55 ya waliopiga kura walisema hapana.

Hapo tunafika kwenye mamlaka kuu yenyewe, dhana ngumu kuliko zote, kwa sababu haionekani kwa macho. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mwenye mamlaka kuu ndiye yule anayekusanya kodi, anayeendesha mahakama na anayeweka polisi barabarani. Pwani ya Kenya inatoa jibu safi kwa kosa hilo, na inasikitisha kwamba vijana wengi wa Mombasa humaliza shule bila kuisikia habari hii vizuri.

Muulize mwanafunzi: mwaka 1960, Mombasa ilikuwa koloni la nani? Atajibu Uingereza. Kwa macho ya kila siku hakosei. Mkuu wa wilaya alikuwa Mwingereza, bandari iliendeshwa kutoka Nairobi, kodi ilikwenda kwa serikali ya kikoloni. Lakini jina rasmi la Kenya wakati huo lilikuwa na sehemu mbili, Koloni na Himaya, na pwani ilikuwa ile Himaya. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini kuingia bara ulikuwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar. Kwa makubaliano ya mwaka 1895 Waingereza waliutawala ukanda huo kwa niaba yake, na kila mwaka walimlipa pauni 11,000. Bendera nyekundu ya Sultani ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, na palikuwa na liwali na makadhi waliosimamia mambo ya Waislamu.

Kwa hiyo mwenye mamlaka alikuwa mmoja na mwenye kutawala alikuwa mwingine, karibu kama mwenye nyumba na mpangaji aliyekaa hadi kila jirani akaamini nyumba ni yake. Kwa miaka zaidi ya sitini tofauti hiyo ilikuwa ya karatasi tu. Kisha uhuru ukakaribia, na karatasi ikageuka kuwa jambo la maisha ya watu. Kama pwani haikuwa mali ya Uingereza, Uingereza ingewezaje kuikabidhi kwa Kenya? Chama cha Mwambao kilidai pwani ijitawale yenyewe. Wapo waliotaka irudi Zanzibar. Vyama vya bara na Wapwani wengine walitaka Kenya moja. Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, na mwaka 1961 akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Sultani alikubali kuachia madai yake, Jomo Kenyatta akaahidi kulinda mahakama za makadhi, dini ya Waislamu na hati za ardhi zilizokuwapo.

Ikiwa Sultani hakuwa na chochote cha maana pwani, hapakuwa na haja ya kumwendea na kalamu. Alikuwa na kitu kimoja ambacho Waingereza, pamoja na manowari zao, hawakuwa nacho: haki ya mwisho juu ya eneo hilo. Mahakama za makadhi zilizomo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 zimetokana na makubaliano hayo.

Swali la mamlaka kuu lina upande wa pili unaowachanganya wanafunzi wa Kenya hasa. Ibara ya kwanza ya katiba hiyo inasema mamlaka kuu ni ya wananchi. Wakiulizwa nani ana mamlaka kuu Kenya, wengine huandika Rais, wengine Bunge. Jibu sahihi ni wananchi, ambao huyatumia moja kwa moja au kwa kupitia waliowachagua. Rais na Bunge wamekabidhiwa tu. Na Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 8, inasema vivyo hivyo kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Upande huu unahusu nani ndani ya dola ndiye asili ya nguvu. Upande wa nje unahusu dola nzima ikisimama mbele ya madola mengine. Mtahini akitaja Umoja wa Mataifa, mkataba au mpaka, anauliza upande wa nje. Akitaja katiba, kura au Bunge, anauliza wa ndani.

Tumebakiwa na taifa, na chaguo moja kwenye swali letu ambalo kila mtu hulipita haraka: Botswana. Jina lake limetokana na Watswana, na mwanafunzi huona hapo taifa na dola vimelingana sawasawa. Sivyo. Wanaozungumza Kitswana ni wengi zaidi Afrika Kusini kuliko Botswana yenyewe, na ndani ya Botswana wamo Wakalanga, Wasan na wengineo wasio Watswana kwa asili. Mpaka wa dola ulikatwa na wakoloni, taifa likabaki pande mbili. Uswisi ni kinyume chake: watu wanaosema Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi wamejenga dola moja na baada ya muda wakajiona taifa moja, bila kuacha lugha zao. Taifa halihitaji lugha moja ikiwa nia ya kuwa pamoja ipo.

Uraia pia unaingia hapa, na mara nyingi vibaya. Uraia hutolewa na dola, hautolewi na taifa. Wamakonde wa Kwale walifahamu hilo kwa machungu. Wazee wao walikuja Kenya kutoka Msumbiji na Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa na kuzikana huko. Walizungumza Kiswahili, walijiona Wakenya, majirani waliwaona Wakenya. Dola ya Kenya haikuwaona. Bila kitambulisho hawakuweza kupiga kura, kufungua akaunti benki wala kununua ardhi. Oktoba 2016 walifunga safari hadi Nairobi kudai haki yao, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wasajiliwe. Siku walipopewa vitambulisho hawakuwa wamebadilika kwa utamaduni hata kidogo. Kilichobadilika ni uhusiano wao na dola.

Nasi turudi Visiwani, kwani ubishi wa karatasi ya mtihani haujaisha. Mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na kauli hiyo ikawasha moto. Mwaka 2010 Wazanzibari wakarekebisha katiba yao, wakaandika kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Katiba ya Muungano, kwa upande wake, inasema Tanzania ni nchi moja. Mgongano huo ni halisi, na mwalimu asiufunike. Lakini mwanafunzi anaweza kujibu kwa uaminifu pande zote mbili akitumia maneno kwa maana zake: Wazanzibari ni watu wenye historia na utambulisho wao, na anayewaita taifa ana hoja, serikali yao ni serikali kamili katika mambo yake, Zanzibar ilikuwa dola mwaka 1963, leo dola ni Jamhuri ya Muungano.

Anayetaka kujipima zaidi ajaribu swali hili la mwisho, gumu kuliko la kwanza. Desemba 2013 Tume ya Jaji Joseph Warioba iliwasilisha rasimu ya katiba iliyopendekeza serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Mambo ya Muungano yangepungua kutoka 22 hadi saba. Bunge Maalumu lililomaliza kazi Oktoba 2014 halikuukubali muundo huo. Tuseme ungekubaliwa: Zanzibar ingekuwa dola?

Wengi wangejibu ndiyo, kwa kuhesabu mambo 15 ambayo yangerudi kwao. Lakini hesabu haisaidii hapa. Katika yale saba yaliyobaki kwa Muungano yalikuwamo ulinzi, uraia, mambo ya nje na sarafu, na rasimu yenyewe iliita Muungano shirikisho lenye mamlaka kamili. Zanzibar ingekuwa na madaraka mengi kuliko wakati wowote tangu Aprili 1964, Tanganyika ingepata tena serikali yake, na kiti cha Umoja wa Mataifa kingebaki kimoja.